Maua ya Naivasha au mboga za Embakasi: kupima kazi ya msimu kwa mshahara, nyumba na kuongezewa mkataba

Anayetafuta kazi ya mkono akiwa Nairobi, hasa upande wa Mukuru, Pipeline na Embakasi, hukutana na njia mbili za kuingia katika biashara ya mazao yanayosafirishwa ng'ambo. Ya kwanza ni kupanda gari hadi Naivasha na kuandikwa katika shamba la maua, kwa kawaida kwa mkataba wa miezi mitatu au sita. Ya pili ni kubaki mjini na kuingia katika maghala ya kufungashia mboga na matunda yaliyo karibu na uwanja wa ndege wa JKIA, ambako malipo huhesabiwa kwa siku. Wengi huamua kwa kulinganisha kiasi kimoja tu, yaani kile ambacho mtu aliyewatangulia amewaambia kwamba analipwa. Kiasi hicho hupotosha, kwa sababu njia ya mjini karibu kila mara huonekana kubwa zaidi, hali ya mwezi haifanani na hali ya mwaka, na jambo linaloamua mwaka ni kama utaongezewa mkataba au hutaongezewa.

Nitazilinganisha njia hizi mbili kwa mfano mmoja wenye hesabu kamili. Anayehusika ni mama mwenye mtoto mmoja, anapanga chumba kimoja Pipeline, na ameitwa pande zote mbili. Viwango vya malipo, kodi na nauli nimevichagua mwenyewe ili hesabu ieleweke, na kila msomaji aweke vyake mahali pake. Makato ya sheria, hata hivyo, ni yale yanayotumika.

Mshahara: kwanza ujue unalipwa kwa amri gani

Kenya ina amri zaidi ya moja ya kima cha chini cha mshahara. Ile ya sekta ya kilimo, iliporekebishwa Novemba 2024, ilimpa mfanyakazi asiye na ujuzi takriban shilingi 8,000 kwa mwezi bila kuhesabu nyumba. Amri ya jumla, kwa kibarua wa Nairobi, ilifika takriban shilingi 16,100, nayo pia bila nyumba. Tofauti ni mara mbili, ingawa mikono inaweza kuwa inafanya kazi inayofanana: kupanga, kukata ncha, kupima na kufunga. Kwa hiyo anayeandikwa katika ghala la mjini aulize waziwazi kama mwajiri anajihesabu kuwa wa kilimo au la, na jibu lionekane kwenye mkataba. Jibu la mdomoni halisaidii siku ya mzozo.

Mashamba mengi ya maua hulipa zaidi ya kima cha kilimo, kwa sababu yanafungwa na makubaliano ya pamoja kati ya chama cha waajiri wa kilimo na chama cha wafanyakazi wa mashamba, KPAWU. Swali la kuuliza getini ni kama makubaliano hayo yanawahusu pia wafanyakazi wa msimu, na kwa kiwango gani. Shamba linaweza kuwa na chama chenye nguvu, lakini wa msimu akaanzia ngazi ya chini kila anapoandikwa upya, hata kama ni mwaka wake wa nne. Hilo hutambulika kwa kulinganisha pesilipu ya mtu wa msimu na ya mwenzake wa kudumu wanaochuma katika kivungulio kimoja, yaani nyumba moja ya plastiki ya kuoteshea maua.

Tuseme basi kwamba shamba la Naivasha linampa mama yetu mshahara wa msingi wa shilingi 10,400 na marupurupu ya nyumba 2,400. Ghala la Embakasi linampa shilingi 700 kwa siku, nyumba ikiwa ndani yake, na wakati wa mzigo mkubwa anaitwa siku 24 kwa mwezi. Makato kwa pande zote ni bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75, ambayo haishuki chini ya shilingi 300, tozo ya nyumba asilimia 1.5, na mchango wa akiba ya uzeeni wa NSSF asilimia 6. Kodi ya mapato haimgusi, kwa kuwa inaanza juu ya shilingi 24,000. Shambani nimeongeza shilingi 200 za ada ya chama.

| | Naivasha | Embakasi, mwezi wa mzigo | Embakasi, mwezi mkavu |
|---|---|---|---|
| Siku za kazi | mwezi mzima | 24 | 10 |
| Malipo kabla ya makato | 12,800 | 16,800 | 7,000 |
| Yanayobaki baada ya makato | 11,288 | 15,078 | 6,175 |
| Kodi ya chumba | 3,000 | 5,500 | 5,500 |
| Nauli | basi la shamba | 2,400 | 1,000 |
| Kinachobaki mkononi | 8,288 | 7,178 | imepungua 325 |

Ghala linalipa shilingi 4,000 zaidi kwa mwezi wa mzigo, lakini baada ya kodi na nauli mama anabaki na shilingi elfu moja na ushee pungufu ya zile ambazo angebaki nazo Naivasha. Nauli ndiyo inayosahauliwa zaidi. Kazi ya maghala ya mboga huenda hadi usiku, kwa kuwa mishiri, yaani maharagwe machanga yanayoliwa na maganda yake, na njegere hufika kutoka mashambani baada ya mavuno ya mchana na hutakiwa kuwahi ndege. Ghala lenye gari la kuwarudisha wafanyakazi saa nane za usiku ni bora kuliko ghala linaloongeza shilingi hamsini kwa siku bila gari, na hilo si suala la nauli peke yake, ni la usalama pia.

Maua yana saa zake za ziada. Kuanzia katikati ya Januari hadi wiki ya kwanza ya Februari, kwa ajili ya Siku ya Wapendanao, watu huchuma na kupanga waridi hadi jioni. Kwa mkataba unaotaja saa 46 kwa wiki, mshahara wa 10,400 ni kama shilingi 52 kwa saa, na saa ya ziada inayolipwa mara moja na nusu ni shilingi 78. Saa arobaini za ziada zinaleta takriban shilingi 3,100. Tatizo hujitokeza pale saa hizo zinapogeuzwa kuwa lengo: mchumaji anaambiwa amalize idadi fulani ya mashina, na muda anaoutumia baada ya saa kumi unahesabiwa kuwa uzembe wake. Dalili yake ni pesilipu ya Februari isiyo na mstari wa saa za ziada ilhali kila mtu alitoka jioni.

Kuna njia ya tatu ninayoipitia kwa haraka, nayo ni kuchuma mishiri kwa kilo huko Thika, Makuyu au Mwea. Mchumaji hodari kwenye shamba lililokomaa anaweza kumshinda mtu wa ghala kwa siku hiyo, lakini mmea mmoja huvunwa kwa wiki chache tu, na mavuno ya mwisho ni machache mno kulipia siku. Kisheria njia hii ndiyo dhaifu kuliko zote, kwa sababu nitakayoieleza chini.

Nyumba: mwenye kuitoa ndiye mwenye kuichukua

Kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri atoe makao yanayofaa karibu na kazi, au alipe fedha za kutosha kwa kodi juu ya mshahara, isipokuwa pale mshahara unapokuwa umejumuisha kodi kwa makubaliano. Maneno "nyumba imo ndani" kwenye mkataba wa ghala ndiyo yanayomaliza haki hiyo kimyakimya. Ukiyakuta, gawanya mwenyewe: toa kodi unayolipa, kisha utazame kinachobaki kama bado kinafika kima cha chini cha amri inayokuhusu.

Naivasha hali ni ya namna mbili. Mashamba mengine yana nyumba za kambi, na mengine hutoa marupurupu ili mfanyakazi apange Karagita, Kwa Muhia au Kasarani ya Naivasha. Mama yetu akipewa chumba cha kambi badala ya zile 2,400, mshahara wake baada ya makato unakuwa shilingi 9,120, na halipi kodi. Anabaki na shilingi 832 zaidi ya yule anayepanga, pamoja na maji na umbali mfupi wa kufika kazini. Kwa mwezi huo, kambi ni bora.

Hata hivyo chumba cha kambi kimefungwa kwenye mkataba. Siku mkataba unapokwisha, chumba nacho kinakwisha, na mara nyingi muda wa kuhama ni wa siku chache. Mfanyakazi wa msimu asiye na pa kwenda hukosa nguvu ya kuuliza lolote kuhusu malipo ya mwisho, kwa sababu anayepaswa kuulizwa ndiye anayeshikilia ufunguo. Kwa sababu hiyo, kwa mtu wa msimu ninapendelea marupurupu kuliko kambi, hata kama anapoteza mia nane kwa mwezi. Kwa mfanyakazi wa kudumu ningesema kinyume chake. Wale wanaokubali kambi waulize mambo mawili kabla ya kubeba godoro: chumba ni cha watu wangapi, na mtoto anaruhusiwa au haruhusiwi. Vyumba vya wasio na wenzi hugawanywa kwa watu wawili au zaidi, na kuna wanaofika na mtoto mgongoni ndipo waambiwe kwamba hana nafasi.

Kosa la gharama kubwa zaidi, na nimeliona kwa majirani wengi, ni kuendelea kulipia chumba cha Nairobi wakati mtu yuko Naivasha, ili mtoto asihamishwe shule au vyombo visipotee. Mama yetu akiendelea kulipa shilingi 5,500 za Pipeline, zile 8,288 zinashuka hadi 2,788. Hapo Naivasha haina maana yoyote kifedha. Njia ya shamba inamfaa anayehama kabisa, au anayeweza kumwacha mtoto kwa ndugu bila kulipia chumba tupu.

Kuongezewa mkataba: hapa hesabu inageuka

Maua na mboga hutegemea majira ya Ulaya. Kuanzia Juni hadi Agosti bustani za huko zimejaa maua na mboga za kwao, kwa hiyo oda za Kenya hupungua. Maua yana vilele vyake: Siku ya Wapendanao, Siku ya Wanawake Machi 8, Siku ya Mama ya Uingereza kwa kawaida mwezi Machi na ile ya nchi nyingine Mei. Mashamba huandika watu wa msimu kabla ya vilele hivyo na kuwaachilia baadaye. Kwa hiyo mkataba unaoisha Februari 28 na mkataba unaoisha Mei 31 si mikataba ya aina moja, ingawa mshahara ni uleule.

Tuweke mwaka mzima. Mama yetu anaandikwa Desemba 1 hadi Mei 31. Miezi sita kwa 8,288, pamoja na saa za ziada za Februari kabla ya makato, ni takriban shilingi 52,800, na baada ya hapo haitwi tena. Akiwa Embakasi, tuseme miezi minane ni ya mzigo na minne, Juni hadi Septemba, ni mikavu. Anabaki na takriban shilingi 56,100. Ghala limeshinda. Sasa tuseme shamba linamrudisha Septemba 1. Anakuwa na miezi tisa ya kazi, na akiendelea kulipia chumba cha Karagita katika miezi mitatu ya kukaa bila kazi, anabaki na takriban shilingi 68,700. Shamba limeshinda kwa zaidi ya shilingi elfu kumi na mbili, bila mshahara kubadilika hata senti moja. Fedha za likizo nimeziacha kando kwa pande zote mbili.

Sheria yenyewe haikuhakikishii kurudi. Mkataba wa muda maalum hufika mwisho wake tarehe ikifika, na mahakama za Kenya zimekuwa zikishikilia kwamba kuongezewa mara kadhaa hapo nyuma peke yake hakuzai haki ya kuongezewa tena, ila kama mwajiri alitoa ahadi iliyo wazi au mkataba wenyewe unasema hivyo. Kwa hiyo tafuta neno hilo kwenye karatasi. Mkataba unaosema kwamba wa msimu aliyemaliza vizuri ataitwa kwanza kabla ya watu wapya una thamani kubwa kuliko nyongeza ya shilingi mia tano.

Kwa ghala la kulipa kwa siku, kifungu cha 37 kina faida ambayo wengi hawaijui. Kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia jumla ya mwezi mmoja, au anayefanya kazi isiyoweza kutarajiwa kumalizika chini ya miezi mitatu, anahesabiwa kuwa wa mshahara wa mwezi, na kumwachisha kunahitaji notisi ya siku 28. Waajiri wanaoijua sheria hii huwapumzisha watu siku chache kabla ya mwezi kutimia, au huwabadilisha jina kuwa wa wakala mwingine wakati wanaendelea kusimama meza ileile. Mchumaji wa kwa kilo hayumo katika ulinzi huu: mwaka 2017, katika kesi ya wafanyakazi wa kampuni moja ya chumvi, Mahakama ya Rufaa ilitofautisha kibarua wa kutwa na anayelipwa kwa kipande cha kazi, na kifungu cha 37 ni cha yule wa kwanza. Ndiyo sababu nimeiweka njia ya kilo mwisho.

Ushahidi wa mfululizo hauhitaji mwanasheria kuukusanya. Ujumbe wa M-Pesa wa kila malipo, kadi ya kuingilia, na orodha ya michango ya NSSF kwa kila mwezi vinatosha kuanzia. Pale mwajiri anaposhindwa kuleta mkataba wa maandishi uliotakiwa na sheria, kifungu cha 10 kinamtwika yeye mzigo wa kupinga unachodai. NSSF ina kazi nyingine pia: mwezi ambao pesilipu inaonyesha makato lakini akaunti haionyeshi mchango ni dalili ya mapema kwamba mwajiri ana shida ya fedha, na mwajiri mwenye shida ya fedha hupunguza watu wa msimu kwanza. Machi 2020, oda za maua zilipoporomoka kwa sababu ya korona, walioachiliwa mapema walikuwa hao. Upande wa mboga, mwanzoni mwa 2013 Umoja wa Ulaya uliongeza ukaguzi wa mabaki ya dawa kwenye maharagwe na njegere za Kenya hadi asilimia 10 ya shehena, na kazi za maghala zikaguswa bila mfanyakazi yeyote kukosea.

Lililo gumu zaidi kupima ni nani anayeandika orodha ya kurudishwa. Kama ni msimamizi wa kivungulio peke yake, kurudi kwako kuko mikononi mwa mtu mmoja, na katika sekta hii imeripotiwa kwa miaka mingi kwamba baadhi ya wasimamizi hudai pesa au ngono ili jina libaki. Kama orodha inatoka ofisi ya wafanyakazi kwa rekodi ya mahudhurio na kiwango cha kazi, na kuna kamati ya jinsia inayofahamika kwa majina, hatari inapungua. Njia rahisi ya kujua ni kuwauliza wanawake wawili au watatu wanaotoka zamu, kila mmoja peke yake, ni nani aliyewapigia simu ya kurudi. Wakitaja mtu yuleyule na kisha wakanyamaza, umepata jibu. Uliza pia kilichowapata waliopata mimba katikati ya msimu, kwa kuwa kumnyima mtu kazi kwa sababu hiyo ni ubaguzi unaokatazwa na sheria, lakini mkataba mfupi hurahisisha kuuficha.

Nembo ya Fairtrade kwenye geti inasaidia, lakini isichanganywe na mshahara. Fedha za ziada zinazotokana na mauzo huenda kwenye miradi inayoamuliwa na kamati ya wafanyakazi, kama karo au mikopo, na wa msimu aulize kama naye ananufaika. Jambo lenye uzito zaidi kwake ni kwamba viwango hivyo vinataka kazi ya kila siku ifanywe na watu wa kudumu na ya msimu iwe ya vilele tu.

Mkataba unapokwisha, angalia malipo ya likizo. Aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo au zaidi hujikusanyia siku 1.75 kwa kila mwezi, kwa hiyo miezi sita ni siku 10 na nusu. Kwa mshahara wa 10,400 uliogawanywa kwa siku 26, hizo ni shilingi 4,200 ambazo zinapaswa kuonekana kwenye malipo ya mwisho kama hazikuchukuliwa kwa kupumzika. Anayeachishwa kabla ya tarehe ya mkataba na anataka kulalamika kwa afisa wa kazi ana miezi mitatu.

Kwa mama wa mfano wetu, kama ndugu yake anaweza kukaa na mtoto na chumba cha Pipeline kikaachwa, na kama shamba lina mkataba wa hadi Mei wenye neno la kuitwa kwanza, ningemshauri aende Naivasha kwa marupurupu, wala si kwa kambi. Kama mojawapo ya hayo halipo, abaki Embakasi na atafute ghala lenye gari la usiku. Hata huko, miezi mikavu ina kazi nyingine: parachichi la Kenya husafirishwa kwa wingi kuanzia Machi hadi karibu Septemba, yaani hata katika miezi ile ambayo mishiri na waridi vimelala, na maghala yanayolifungasha, mjini na upande wa Thika na Murang'a, huandika watu katika miezi hiyo. Anayejua kupanga kwa ukubwa na kutambua doa kwenye ganda hupokelewa haraka, na siku kumi na mbili za parachichi mwezi Juni zinaondoa kabisa lile pengo la shilingi 325.